Kutafsiri Madai ya Hataza kwenda Kichina Bila Kupanua Wala Kubana Mpaka

Nafanya tafsiri ya Kiswahili na Kichina hapa Kigoma. Kazi nyingi ni mikataba ya mitumba na vipuri, lakini iliyonitia jasho kuliko zote ilikuwa kurasa tano za fundi mmoja wa Mwanga aliyebuni mashine ya kukamua mawese. Alitaka kuomba China hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake, kwa sababu alijua mashine yake ikishaonekana sokoni itaanza kuigwa huko kabla ya kuigwa hapa. Maelezo na michoro vilinichukua siku mbili. Dai la kwanza, yaani sentensi moja tu inayotaja kile ambacho hataza italinda, lilinichukua wiki nzima, na mwongozo huu unahusu sentensi hiyo. Vipimo nimevibadilisha kwa ridhaa yake.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoeleza kwa nini neno moja linakula wiki. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Hataza ya China, kwa namba zinazotumika tangu tarehe 1 Juni 2021, kinasema wigo wa ulinzi unaamuliwa na yaliyomo katika madai. Maelezo na michoro vinaweza kutumika kuyafasiri madai hayo, lakini mpaka wa shamba ni madai yenyewe. Kifungu cha 33 nacho kinakataza marekebisho yanayovuka kile kilichokuwamo katika maombi ya awali. Sasa "maombi ya awali" ni yapi? Mtu akiomba moja kwa moja China, au akaomba kwanza Tanzania kisha ndani ya miezi 12 akaenda China kwa haki ya kipaumbele, yaani ya kuhesabiwa tangu tarehe ya ombi la kwanza, maombi ya awali ni yale ya Kichina yaliyopokelewa siku ile. Mwongozo wa ukaguzi wa ofisi yao ya hataza unasema wazi kwamba maandishi ya lugha ya kigeni na nyaraka za kipaumbele si msingi wa kupima marekebisho. Kwa hiyo ukikosea, huwezi kurudi na daftari la Kiswahili ukasema, "Tazameni, hapa palikuwa na neno jingine."

Anayepita njia ya maombi ya kimataifa, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ana nafuu kidogo, kwa kuwa maandishi ya awali ya kimataifa ndiyo yanayohesabiwa na kuna muda maalumu wa kuomba kusahihisha kosa la tafsiri. Lakini hata huko, hataza ikishatolewa, kanuni inamwelemea mwombaji pande zote mbili. Tafsiri ikiwa imepanua wigo kuliko maandishi ya awali, wigo unarudishwa kwenye yale ya awali. Ikiwa imebana, anabaki na ule uliobanwa.

Fundi wetu alikuwa anaomba moja kwa moja. Hili ndilo dai alilonikabidhi, jinsi lilivyokuwa daftarini:

"Mashine ya kukamua mafuta ya mawese, iliyoundwa na pipa la chuma, skrubu moja na kipasha joto, ambapo ukuta wa pipa ulio na matundu una matundu ya kati ya milimita 2 na 4, na pengo la skrubu na ukuta ni takriban milimita 1.5."

Kwa macho ya kawaida ni Kiswahili safi. Kwa macho ya hataza lina mitego saba, na sita kati yake haionekani mpaka uanze kuandika Kichina.

Hatua ya kwanza: vunja dai kabla ya kutafsiri neno lolote

Usianze kutafsiri kutoka kushoto kwenda kulia. Chukua karatasi, andika kila kizuizi kwenye mstari wake. Kizuizi ni neno au fungu la maneno ambalo likiondolewa, mashine fulani iliyokuwa nje inaingia ndani, au iliyokuwa ndani inatoka. "Iliyoundwa na" ni kizuizi. "La chuma" ni kizuizi. "Moja" ni kizuizi. "Kati ya" ni kizuizi. Hata "ya mawese" ni kizuizi.

Mbele ya kila mstari andika swali moja tu: mwenye uvumbuzi anataka kuzuia nini hapa? Kama jibu hulijui, usilibuni. Mwite. Mimi nilimfuata fundi gereji kwake nikiwa na mistari kumi na moja, na tukakaa juu ya pipa lililopinduliwa hadi adhuhuri.

Hatua ya pili: neno linalofungua na neno linalofunga

Nilianza na "iliyoundwa na", kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliteleza. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika 由筒体、螺杆和加熱器组成. Baadaye nikagundua makosa mawili katika fungu hilo hilo. La kwanza ni dogo: 熱 ni herufi ya jadi, na China bara huandika 热. La pili lingemwangamiza fundi.

Katika madai ya Kichina, 由……组成 ni fomula ya kufunga. Mwongozo wa ukaguzi unaifasiri kuwa kitu hicho hakina sehemu nyingine zaidi ya zilizotajwa. 包括 na 包含 ni za kufungua: zilizotajwa lazima ziwepo, na nyingine zinaweza kuongezwa. Sasa fikiria mashine ya fundi. Ina pipa, skrubu na kipasha joto, sawa, lakini pia ina fremu, mota, mkanda, faneli ya kuingizia chikichi na bomba la kutolea mafuta. Dai langu la kwanza lilikuwa linalinda mashine isiyo na mota wala miguu. Hakuna mtu duniani anayetengeneza mashine hiyo, kwa hiyo hakuna ambaye angeonekana kuikiuka hataza, hata fundi mwenyewe bidhaa yake isingelindwa.

Shida inatokana na Kiswahili chetu. "Imeundwa na" tunaitumia kwa maana zote mbili. Tukisema timu imeundwa na wachezaji kumi na mmoja, tumefunga. Tukisema kamati imeundwa na wazee na vijana, tumeacha mlango wazi. Kamusi haitakusaidia, maana kamusi itakupa 由……组成 bila onyo lolote. Kwa hiyo uliza. Kama mwenye uvumbuzi hajali wengine wakiongeza sehemu, rudi kwenye Kiswahili kwanza, ubadilishe "iliyoundwa na" kuwa "yenye", ndipo uandike 包括. Kama kweli anataka kufunga, andika kwa Kiswahili "iliyoundwa na … pekee", kisha 由……组成.

Kuna mtego wa tatu upande huu. Mtu akiandika "iliyoundwa hasa na", mkono unakimbilia 主要由……组成. Kwa sikio fomula hiyo inafanana na ile ya kufunga, kwa kuwa ina 由 na 组成, lakini mwongozo unaihesabu kuwa ya kufungua. Neno moja la mbele linageuza maana nzima. Wanaofanya kazi za michanganyiko, kama dawa au sabuni, wakutane na onyo hili mapema: 基本上由……组成 nayo iko kwenye kundi la kufungua, hivyo usiitegemee kufunga chochote.

Hatua ya tatu: namba na ncha zake

Hapa ndipo watafsiri wazuri kabisa wanapokosea, kwa sababu maneno ni ya kila siku.

"Kati ya milimita 2 na 4" haisemi kama 2 na 4 zenyewe zimo. Nilimuuliza fundi.

"Mzee, tundu la milimita mbili kamili, ni lako?"

"Mbili ni yangu. Nimeijaribu, mafuta yanatoka masafi."

"Na la nne kamili?"

Akatikisa kichwa. "Nne hapana, mwalimu. Mashine za zamani zilizokuja kutoka nje zote zina nne. Hiyo si yangu, na makapi yanapita."

Jibu hilo lina uzito wa kisheria. Kama mashine yenye tundu la milimita 4 imeshajulikana, na dai lako linajumuisha 4, ncha hiyo moja inatosha kuvunja upya wa safu nzima, yaani sharti la kuwa jambo lisilojulikana kabla. Safu mbili zikishirikiana hata ncha moja, mkaguzi wa China huhesabu kwamba upya haupo. Kwa hiyo tukaandika Kiswahili upya: "kuanzia milimita 2 na chini ya milimita 4".

Sasa Kichina. Mtu anayeongea Kichina cha sokoni ataandika 2毫米以上、4毫米以下. Katika hataza, 以上, 以下 na 以内 kwa kawaida huhesabiwa kuwa zinajumuisha namba yenyewe. 大于, 小于 na 超过 haziijumuishi. Hivyo "chini ya 4" ikiandikwa 4毫米以下 imeingiza 4 ndani, tena bila mtu kuona, kwa kuwa mtafsiri amefuata neno kwa neno: chini, 下. Vivyo hivyo "zaidi ya 2" ikiandikwa 2毫米以上 inaingiza 2 ambayo Kiswahili kiliiacha nje.

Mimi sasa nina mazoea haya. "Kuanzia" au "si chini ya" naandika 大于或等于. "Zaidi ya" naandika 大于. "Chini ya" naandika 小于. "Isiyozidi" au "hadi" naandika 小于或等于. Ni marefu, lakini hayana mjadala. Mwongozo wenyewe unapendelea alama za hisabati, kwa hiyo 2 mm≤d＜4 mm ni salama zaidi, mradi d umeshaifafanua. Epuka 之间, kwa kuwa inarudisha mashaka yale yale ya "kati ya".

Kuhusu "takriban" ya pengo la milimita 1.5, neno 约 kwa kawaida halikubaliki katika dai, kwa sababu linafanya mpaka usijulikane. Kuna watafsiri wanaolifuta kimya kimya, na hapo pengo linakuwa milimita 1.5 kamili, jambo ambalo hakuna fundi duniani atalitimiza wala kulikiuka. Wengine huliacha na kungoja mkaguzi alalamike. Lakini wakati huo huwezi tena kubuni safu ambayo haikuwamo katika maombi ya awali. Njia sahihi ni kuuliza siku ile ile. Fundi alisema pengo likizidi hapo nyuzi za chikichi zinajikunja na kuziba, na likipungua haina shida. Basi "takriban milimita 1.5" ilikuwa na maana ya "lisilozidi milimita 1.5". Kiswahili kikabadilika, Kichina kikafuata: 小于或等于1.5 mm. Angalia kwamba mimi sikuamua. Niliuliza, mwenye mali akaamua, nami nikahakikisha namba hiyo imeandikwa hivyo hivyo pia kwenye maelezo.

Hatua ya nne: fuata kiambishi cha urejeshi hadi kwenye nomino yake

Hii ndiyo sehemu ambayo sisi waswahili tuna zana ambayo wengine hawana, na tunaitupa bila kujua.

Tazama maneno haya mawili: "ukuta wa pipa ulio na matundu" na "ukuta wa pipa lililo na matundu". Tofauti ni silabi chache, lakini "ulio" inashika ukuta na "lililo" inashika pipa. Katika la kwanza matundu yako ukutani. Katika la pili matundu yako popote kwenye pipa, hata kwenye kitako, na ukuta unaweza kuwa mzima. Ngeli zimetufanyia kazi yote. Kichina hakina ngeli. Ukiandika 有孔的筒体的筒壁, msomaji anaweza kushikanisha 有孔的 na pipa, na wengi watafanya hivyo kwa kuwa ndilo lililo karibu. Ukijaribu kupanga upya kuwa 筒体的有孔的筒壁, umepona kwa sentensi hii, lakini kikiongezeka kizuizi kingine mnyororo wa 的 unakatika tena.

Dawa ni hii. Chukua kalamu nyekundu. Kila unapoona kiambishi cha urejeshi, kama katika ulio, lililo, kilicho, zilizo, ambacho na jamaa zake, chora mshale hadi kwenye nomino inayokubaliana nacho. Kisha usijaribu kuubeba mshale huo kwa 的. Ipe nomino sentensi yake ndogo inayoanza na 所述:

筒体，所述筒体具有筒壁，所述筒壁上设有多个通孔

Kwa Kiswahili ni kama kusema: pipa, pipa hilo lina ukuta, kwenye ukuta huo kuna matundu kadhaa. Kwa sikio ni kurudiarudia, na mwalimu wa insha angekata. Katika dai la hataza urudiaji huo ndio ukuta wenyewe.

Zana hii ina kikomo. Nomino mbili zikiwa za ngeli moja, kama "kifuniko cha kipasha joto kilicho na nyaya", mshale wako utakuwa na vichwa viwili. Hapo Kiswahili chenyewe hakijaamua, na lazima umuulize mwenye uvumbuzi. Usimchagulie.

Neno 所述 nalo lina sharti lake. Ni sawa na "hilo", "huo", "hiyo" yetu, kwa hiyo kila 所述筒壁 lazima 筒壁 iwe imeshatajwa juu yake. Mwisho wa kazi mimi hupita na kalamu, natia alama kila 所述 na kutafuta mama yake. Isiyo na mama ni kosa la uwazi, na mara nyingi maana yake ni kwamba umemwita pipa majina mawili.

Hatua ya tano: kitu kimoja, jina moja

Hapo ndipo inapokuja orodha ya istilahi. Kabla ya rasimu, andika kila sehemu ya mashine na jina lake moja la Kichina, na usiligeuze tena hadi ukurasa wa mwisho. Pipa likiwa 筒体 kwenye dai la 1 na 圆筒 kwenye dai la 3, msomaji ana haki ya kusema ni vitu viwili. Tena 圆筒 imeongeza umbo la duara ambalo fundi hakulisema.

Kwenye orodha ya fundi wetu kulikuwa na maneno matatu ya kuangalia kwa karibu.

"Chuma" ni la kwanza. Huku kwetu chuma ni bomba, ni bati, ni chochote kigumu kinachochomelewa. Kwa Kichina kuna 铁, kuna 钢, kuna 不锈钢 na kuna 金属, na kila kimoja kina uzio wake. Ukiandika 铁 umemwachia mshindani anayetumia chuma cha pua apite mlangoni. Nilipomuuliza, fundi alisema metali yoyote inayostahimili joto inafaa. Basi dai likawa "pipa la metali", 金属制的筒体, na chuma cha pua kikashushwa kwenye dai tegemezi, yaani dai linaloegemea la kwanza na kuliongezea sharti. Asingekumbuka kuniambia bila kuulizwa, kwa sababu kwake chuma tayari kilikuwa na maana ya metali.

La pili ni "tundu". 孔 ni tundu lolote, hata lisilotokea upande wa pili. 通孔 ni lililotoboka kabisa. Kiswahili "tundu" kinaelekea kwenye kutoboka, ndiyo maana tuna "shimo" kwa lile jingine, na mafuta ni lazima yapite. Nikachagua 通孔 kwa idhini yake.

La tatu ni "mawese", na hapa mtu wa Dar angeweza kupita bila kusimama. Sisi Kigoma tunajua mawese yanatoka kwenye nyama ya chikichi, na mafuta ya mise yanatoka kwenye kokwa. Kichina kinatenga hivyo hivyo: 棕榈油 na 棕榈仁油. Fundi alithibitisha kwamba mashine yake haikamui mise, kwa hiyo 棕榈油 ikabaki. Lakini fahamu kwamba matumizi yanayotajwa kwenye jina la kitu yanaweza kubana umbo lake. Mwongozo wa China unatoa mfano wa kalibu ya kumiminia chuma kilichoyeyuka, 用于钢水浇铸的模具: matumizi hayo yanadai kalibu isiyoyeyuka kwa joto hilo, kwa hiyo kalibu ya plastiki ya kugandishia barafu haimo, hata ikifanana nayo kwa umbo. Usiongeze 用于 ambayo haikuwamo kwenye Kiswahili, na usiifute iliyokuwamo.

Bado "skrubu moja". Sisi huweka "moja" kwa mazoea, kama tunavyosema "kuna mzee mmoja". Nilimuuliza kama mashine yenye skrubu mbili ni yake. Akasema ni yake, tena anafikiria kuitengeneza. Tukafuta "moja". Kichina 螺杆 bila idadi, ndani ya dai la 包括, hakimzuii mtu kuwa na mbili. Kwa kipasha joto tukaandika "angalau kimoja", 至少一个, ili isiwepo shaka.

Neno jingine la kukimbia ni "kama vile". 例如 ndani ya dai, pamoja na 最好是 na 尤其是, linaweka mipaka miwili kwenye dai moja, mpana na mwembamba, na mkaguzi atalikataa. Mfano upelekwe kwenye dai tegemezi.

Hatua ya sita: andika

Baada ya yote hayo Kiswahili kilikuwa hivi:

"Mashine ya kukamua mafuta ya mawese, yenye: pipa la metali, pipa hilo likiwa na ukuta, ukuta huo ukiwa na matundu kadhaa, skrubu iliyowekwa ndani ya pipa hilo, na angalau kipasha joto kimoja kilichofungwa upande wa nje wa pipa hilo, ambapo kipenyo cha kila tundu ni kuanzia milimita 2 na chini ya milimita 4, na pengo kati ya ukingo wa nje wa skrubu hiyo na uso wa ndani wa ukuta huo halizidi milimita 1.5."

Na Kichina:

1. 一种棕榈油压榨机，包括：
金属制的筒体，所述筒体具有筒壁，所述筒壁上设有多个通孔；
螺杆，所述螺杆设置在所述筒体内；以及
至少一个加热器，所述加热器安装在所述筒体的外侧；
其中，每个所述通孔的直径大于或等于2 mm且小于4 mm；
所述螺杆的外缘与所述筒壁的内表面之间的间隙小于或等于1.5 mm。

Mahali pa kuweka 其特征在于, linalotenga yaliyojulikana na yaliyo mapya, nilimwachia wakala wa China. Mgeni asiye na makazi wala ofisi huko analazimika kupitia wakala aliyesajiliwa, na huo ni uamuzi wa kisheria, si wa tafsiri.

Hatua ya saba: mashine za kubuni

Wengi humaliza kwa tafsiri ya kurudi, yaani mtu mwingine anarudisha Kichina kwenda Kiswahili bila kuona cha kwanza. Nifanyavyo mimi pia. Lakini haitoshi, maana aliyerudisha 4毫米以下 ataandika "chini ya milimita 4", nawe utaona maneno yamelingana na kutabasamu huku kosa limekaa pale pale.

Ninachokiamini ni hiki. Buni mashine sita za kufikirika, kila moja ikigusa kizuizi kimoja ukingoni. Mpe mwenye uvumbuzi orodha, aseme ipi imo na ipi haimo kwa Kiswahili. Mpe orodha hiyo hiyo mtu anayesoma Kichina cha kiufundi, ajibu kwa kutazama dai la Kichina peke yake. Majibu yakitofautiana hata kwa moja, rudi.

Zetu zilikuwa hizi: yenye matundu ya milimita 4 kamili, yenye matundu ya milimita 2 kamili, yenye mota na faneli, yenye skrubu mbili, yenye matundu kwenye kitako tu, na ya sita yenye matundu ya milimita 3 juu na ya milimita 5 chini karibu na mlango wa makapi. Tano za kwanza majibu yalilingana: haimo, imo, imo, imo, haimo. Ya sita msomaji wa Kichina alisema haimo, kwa sababu ya 每个所述通孔, kila tundu. Fundi alisema imo.

Tulirudia kusoma. Kichina kilikuwa sahihi kabisa. Kilikuwa kimebeba "kila" ya Kiswahili bila kupunguza. Aliyekosea ni Kiswahili chetu. Fundi alikaa kimya, kisha akachukua chaki akachora pipa sakafuni, akagawanya ukuta wake sehemu mbili kwa mstari. "Huku juu," akasema, "ndiko ninakotaka kila tundu liwe hivyo. Huku chini wafanye wanavyotaka." Dai likapata sehemu ya kukamulia, 压榨段, yenye matundu yake. Tukaongeza sehemu hiyo kwenye maelezo na mchoro, tukapitia kila 所述 upya, na mashine ya sita ikaingia ndani kwa lugha zote mbili.